Maziwa Yaliyoganda Bila Kuchacha: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Malindi

Kisa hiki kilitokea Malindi katika msimu wa kaskazi, wakati ambapo joto la usiku ndani ya nyumba nyingi za mji huo haliteremki sana chini ya nyuzi 26. Mama mmoja, ambaye kwa miaka mingi ameuza maziwa mala asubuhi na uji mchachu jioni, aliandaa vyombo viwili usiku mmoja, katika jiko lile lile. Chombo cha kwanza kilikuwa ndoo ya maziwa ya ng'ombe lita 10, ambayo aliyachemsha, akayaacha yapoe hadi mkono ukayavumilia bila taabu, kisha akayatia kikombe cha mala ya jana ili iwe mbegu. Chombo cha pili kilikuwa ndoo ndogo yenye unga wa wimbi uliochanganywa na wa mahindi, ukakorogwa kwa maji baridi na kutiwa masalio ya mkorogo wa siku iliyotangulia. Mkorogo huo hupikwa ukishachacha, wala si kabla.

Asubuhi mkorogo wa uji ulikuwa na vipovu vidogo juu yake na harufu kali lakini safi, kama ilivyo desturi yake. Maziwa, kwa upande mwingine, yalikuwa majimaji kama alivyoyaacha. Jirani yake alimshauri, "Tia mbegu nyingine, dada, hiyo ya jana ilichoka," naye akatia. Ilipofika jioni maziwa yalikuwa yameganda, ila bonge lake lilikuwa laini na lenye kuteleza, limezungukwa na maji ya manjano, na alipoonja hakukuta uchachu wowote bali uchungu uliobaki kooni. Hapo ndipo alipoleta swali ambalo ndilo kiini cha uchambuzi huu: "Mwanangu, maziwa yameganda lakini hayakuchacha. Nikiyauza nitakuwa nimewadhuru watu?"

Jibu lilikuwa ndiyo, na maziwa hayo hayakuuzwa. Lakini jibu hilo halimsaidii mtu kesho yake asipojua kwa nini vyombo viwili vilivyokaa katika joto moja na chini ya mkono mmoja vilishika njia mbili tofauti. Ili kulieleza hilo, ni lazima kwanza tuangalie kile ambacho kingepaswa kutokea ndani ya ile ndoo ya maziwa.

Maziwa mabichi ya ng'ombe yana pH, yaani kipimo cha uchachu ambacho hushuka kadiri asidi inavyoongezeka, ya karibu 6.6, kwa hiyo yanakaribia sana kutokuwa na uchachu. Ndani yake mna sukari iitwayo laktosi, gramu 48 hivi katika kila lita, kwa hiyo ndoo ile ilikuwa na takriban gramu 480 za sukari hiyo. Bakteria wa asidi laktiki, ambao katika mala ya nyumbani huwa zaidi ni wale wa jamii ya laktokoki, huiingiza laktosi ndani ya seli zao, huikata vipande viwili, na kuvivunja zaidi ili kupata nguvu ya kuishi. Kwa kuwa hawapumui kwa kutumia oksijeni kama tupumuavyo sisi, hawawezi kuichoma sukari hadi mwisho, na mabaki ya kazi yao ni asidi laktiki wanayoitoa nje ya seli. Kila molekuli ya glukosi huwapa molekuli mbili za asidi. Wapo bakteria wengine wa kundi hili ambao, pamoja na asidi laktiki, hutoa gesi ya kaboni dioksidi na kiasi kidogo cha pombe au asidi ya siki, na hao ndio wanaofanya baadhi ya mala iwe na vipovu na ladha ya kuchoma ulimi kidogo.

Mala iliyokomaa huwa na asidi laktiki ya takriban asilimia 0.8. Kwa ndoo ya lita 10 hizo ni kama gramu 80, na kwa kuwa gramu moja ya laktosi huzaa karibu gramu moja ya asidi, bakteria hutumia takriban gramu 80 tu kati ya zile 480. Ninalitaja jambo hili kwa sababu watu wengi, hata waliosoma, hudhani kwamba chakula kilichochacha hukaa kwa kuwa sukari imeliwa ikaisha, na viumbe waharibifu hawana tena cha kula. Sivyo. Sehemu kubwa ya sukari ingali pale pale. Kinachowazuia waharibifu si njaa bali ni asidi.

Asidi hiyo ndiyo pia inayoyagandisha maziwa. Protini kuu ya maziwa, kasini, huelea katika chembe ndogondogo zenye chaji hasi, na kwa kuwa zote zina chaji ya aina moja hazishikani. Kadiri asidi inavyoongezeka, chaji hiyo hupunguzwa, na pH inapokaribia 4.6 huwa imetoweka, hivyo chembe hushikana na kutengeneza bonge jeupe, imara, ambalo likikatwa kwa kijiko huacha ukingo mkavu. Kwa mbegu ya vijiko viwili vya mezani kwa kila lita, na joto la nyuzi 25 hadi 30, kazi hiyo huchukua usiku mmoja au kupita kidogo. Kuganda huko, basi, ni dalili ya asidi. Lakini ni dalili tu, na kosa la watu wengi ni kuichukua dalili kuwa ndiyo kitu chenyewe, kwa sababu kasini inaweza kugandishwa na mambo mengine yasiyohusiana na asidi kabisa.

Upande wa uji mambo huanza kwa namna nyingine. Unga haujachemshwa, na punje za nafaka hubeba bakteria wao wenyewe kutoka shambani, wakiwamo wale wa asidi laktiki. Sukari iliyo huru ndani ya unga ni haba, kwa sababu chakula kingi cha nafaka ni wanga, na bakteria wengi wa asidi laktiki hawana uwezo wa kuukata wanga. Hutegemea vimeng'enya vya punje yenyewe, ambavyo hukata wanga polepole kuwa sukari ndogo, na ndiyo maana baadhi ya wapishi huongeza kiganja cha unga wa kimea, yaani nafaka iliyooteshwa ikakaushwa na kusagwa, kwa kuwa kimea kina vimeng'enya hivyo kwa wingi. Mkorogo usiotiwa masalio ya zamani hupitia siku ya kwanza yenye mashaka: bakteria wa kila namna hukua pamoja, hata wale wa kinyesi wakiwapo, na harufu huwa si nzuri. Asidi ikianza kupanda wale wasioivumilia hufa, na laktobasili, ambao ni bakteria wa asidi laktiki, hushika chombo. Mwenye kutia masalio ya jana huiruka hatua hiyo, kwa kuwa anaanza na jeshi lililokwisha kushinda na asidi iliyokwisha kuwapo. Zaidi ya hayo, mkorogo wa unga hauna protini na fosfati nyingi kama maziwa za kuimeza asidi, kwa hiyo asidi kidogo huishusha pH mbali zaidi. Mkorogo wa mama huyu tulipoupima kwa karatasi za pH ulikuwa 3.7. Maziwa yake, yaliyokwisha kuganda, yalikuwa 6.2.

Tofauti ya 6.2 na 3.7 haionekani kubwa kwenye karatasi, lakini kila hatua moja ya kipimo hiki ni mara kumi, na kwa upande wa usalama maana yake ni kubwa kuliko hata hesabu hiyo. Asidi laktiki huwa katika hali mbili ndani ya maji: nyingine imekwisha kuachana na protoni yake na kuwa na chaji, nyingine bado ni nzima. Ile yenye chaji haipenyi utando wa seli ya bakteria. Ile nzima hupenya kwa urahisi, na ikifika ndani ya seli, ambako hakuna uchachu, huachana na protoni yake papo hapo. Seli hulazimika kutumia nguvu zake kuzisukuma protoni hizo nje, na nyingine zikiingia tena, hadi nguvu zinaisha na vimeng'enya vya ndani vinasimama. Sasa, sehemu ya asidi iliyo nzima hutegemea pH: kwenye pH 6 haifiki hata asilimia 1, kwenye pH 5 ni kama asilimia 7, na kwenye pH 4 hupanda hadi takriban asilimia 42. Ndiyo sababu chakula kilichoshuka chini ya 4.5 huwa kimevuka mpaka, na kilichobaki kwenye 6 hakijalindwa hata kama kimo ndani ya chombo kimoja na mbegu nzuri.

Kuna jambo moja la uji linalothibitisha hoja hii vizuri. Mkorogo ukishapikwa, bakteria wote wa asidi laktiki hufa kwa moto, lakini asidi yenyewe haiondoki kwa mchemko. Uji huo uliokufa bakteria wake bado hukaa usiku kucha bila kuharibika, ilhali uji mtamu uliopikwa kwa unga ule ule, ukiachwa katika joto la pwani hadi asubuhi, huwa malisho ya bakteria walionusurika na moto. Mlinzi ni asidi, na bakteria ni wenye kuileta.

Turudi kwenye ndoo ya maziwa. Washukiwa walikuwa wanne. Huenda joto halikutosha. Huenda mbegu ilitiwa maziwa yakiwa bado ya moto ikafa. Huenda mbegu yenyewe ilikuwa imedhoofika. Au huenda kulikuwa na kitu ndani ya maziwa kilichowazuia bakteria. Shaka ya joto iliondolewa na uji, uliochacha barabara pale pale. Shaka ya maziwa ya moto iliondolewa na mbegu ya pili, iliyotiwa asubuhi maziwa yakiwa yamekwisha kupoa kabisa, nayo pia haikufanya kazi. Zilibaki mbili, na hizo hazitenganishwi kwa kubahatisha bali kwa jaribio.

Kwa bahati mama huyu alikuwa ameweka lita moja ya maziwa yale yale, yaliyochemshwa lakini hayakutiwa mbegu, ndani ya friji. Tulichukua glasi tatu zilizosuuzwa kwa maji ya moto. Ya kwanza tulitia maziwa ya pakiti kutoka dukani pamoja na mala ya mama huyu iliyosalia. Ya pili tulitia maziwa yake yenye mashaka pamoja na mala ile ile. Ya tatu tulitia maziwa yenye mashaka pamoja na mala ya muuzaji mwingine. Glasi zote zilikaa pamoja usiku kucha. Asubuhi ya kwanza ilikuwa imeganda imara, pH 4.4. Ya pili na ya tatu zilikuwa majimaji, pH zaidi ya 6. Mbegu yake ilikuwa nzima, na maziwa ndiyo yaliyokuwa na kasoro, kwa kuwa kasoro iliyafuata maziwa kwa kila mbegu na haikuifuata mbegu kwenye maziwa mengine.

Jaribio hilo halitaji jina la kizuizi. Masalio ya sabuni au dawa ya kuoshea ndoo yangeweza kuleta matokeo hayo hayo. Kwa hiyo tulimwendea mfugaji, mzee mwenye ng'ombe wanne wa kukamwa, tukamwomba maziwa ya kila ng'ombe katika chupa yake. Yalipochemshwa, kupozwa na kutiwa mbegu, ya ng'ombe watatu yaliganda na ya mmoja yalikataa. Mzee alipoulizwa habari za ng'ombe huyo hakuficha neno: "Huyo alivimba kiwele, mama. Alitiwa dawa ya tyubu kwenye chuchu, na uvimbe ulipotea kwa haraka." Dawa ilikuwa penisilini, na maziwa yalikuwa yakichanganywa na ya wenzake tangu uvimbe ulipotoweka, bila kungoja muda ulioandikwa kwenye pakiti.

Hapa inafaa kuonyesha jinsi kiasi kidogo kinavyotosha. Kiwango cha juu cha penisilini kinachoruhusiwa katika maziwa na Tume ya Kodeksi, ile tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, ni mikrogramu 4 kwa kilo. Tyubu moja ya dawa ya kiwele inaweza kuwa na mamia ya miligramu. Tuseme ni miligramu moja tu iliyofika kwenye ile ndoo ya lita 10: hiyo ni kama mikrogramu 100 kwa kilo, mara 25 ya kiwango. Penisilini huzuia bakteria kujenga ukuta wa seli, kwa hiyo seli inayojaribu kukua hupasuka, na bakteria wa asidi laktiki ni miongoni mwa wanaodhurika upesi. Kuchemsha maziwa kwa dakika chache hakuiondoi dawa hii kiasi cha kutosha, na mbegu nyingi zaidi, kama alivyoshauri jirani kwa nia njema, ni kuwapeleka bakteria wengine kwenye kifo kile kile.

Basi ni nini kilichoyagandisha? Moto wa kuchemshia huua karibu viumbe wote wa maziwa, lakini hauziui spora za bakteria wa jamii ya basili, yaani bakteria hao wakiwa wamelala ndani ya ganda gumu, ambazo hutoka kwenye udongo, majani na samadi na kuvumilia mchemko. Maziwa yakishapoa spora huamka. Katika ndoo ya kawaida bakteria wa mbegu ni wengi mno na huleta asidi kabla basili hawajakua, na kwa hivyo mnunuzi wa mala hana habari kwamba walikuwapo. Katika ndoo hii walinzi walikuwa wameondolewa na dawa, na baadhi ya basili hawakuguswa, kwa sababu wana kimeng'enya cha kuikata penisilini. Wakapewa usiku na mchana mzima wa joto, laktosi yote na protini yote. Vimeng'enya wanavyotoa hukata sehemu ya kasini inayozizuia chembe zisishikane, na maziwa huganda bila asidi, kwa njia inayofanana na ile ya jibini. Wakiendelea, hukata protini kuwa vipande vidogo ambavyo ulimi huvionja kuwa uchungu. Bonge laini lenye kuteleza, maji ya manjano, uchungu, na pH 6.2 vilikuwa ni ushahidi wa jambo moja. Baadhi ya basili hao hutoa sumu za kutapisha na kuharisha, na ile ya kutapisha haiharibiwi kwa kuchemsha tena. Ndiyo maana sikukubali shauri la pili lililotolewa pale jikoni, kwamba maziwa hayo yapikiwe uji yasipotee bure. Yalimwagwa, nami ninajua kwamba kwa mama anayeishi kwa biashara ya kila siku lita 10 si kitu kidogo.

Alichobadilisha tangu hapo ni kidogo lakini kimekaa mahali pake. Mzee mfugaji huhesabu siku kuanzia dozi ya mwisho, si kuanzia uvimbe ulipopungua, na hufuata muda ulioandikwa kwenye pakiti ya dawa aliyoitumia, ambao kwa dawa nyingi za kiwele ni siku tatu au zaidi. Maziwa ya siku hizo hayachanganywi na mengine. Mama naye hatii tena mbegu kwenye ndoo nzima ya maziwa ya mfugaji mgeni kabla ya kujaribu glasi moja, na glasi ya pili ya maziwa ya pakiti huwekwa kando yake ili kama zote mbili zimekataa, lawama iende kwa mbegu. Anayo karatasi za pH, lakini kwa kweli ulimi na kijiko vinamtosha mara nyingi: bonge lenye ukingo imara na uchachu safi, au hakuna mauzo.

Asidi nayo ina mipaka yake, na mama huyu huuza kwa kuizingatia. Hamira za mwituni na kuvu huvumilia pH 4 bila shida, kwa hiyo mala iliyokaa siku tatu nje ya friji katika joto la Malindi huanza kupata utando mweupe juu, harufu ya pombe, na chupa iliyofungwa huvimba. Kuvu wakila asidi yenyewe huipandisha pH tena na kuwafungulia mlango wengine, ndiyo maana kuuondoa utando kwa kijiko na kuendelea kuuza si jambo la kufanya. Asidi pia haiondoi kilichokwisha kuingia kabla yake: sumukuvu iliyo ndani ya mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu hubaki kwenye uji mchachu, sumu ya stafilokoki kutoka kwenye mikono yenye vidonda hubaki kwenye mala, na bakteria wa homa ya maziwa mabichi, yaani bruselosi, wanaweza kuishi siku kadhaa katika maziwa yaliyochacha bila kuchemshwa. Kwa hiyo mama huyu hununua mahindi makavu, huchagua punje zilizobadilika rangi na kuzitupa, na maziwa yake yote hupita motoni kabla ya kukutana na mbegu.